Uzi: CV yangu iko sawa, ila kwenye barua pepe ya kuitumia niandike nini bila kurudia yaleyale?

Binti Kihonda

Habari za jioni wanajukwaa. Nimeona tangazo la nafasi ya Msaidizi wa Hesabu, kampuni binafsi ya usambazaji iliyoko Mwanza yenye matawi 3. Wanataka mtu mwenye diploma ya uhasibu, uzoefu usiopungua mwaka 1, anayejua mashine ya EFD na kuandaa ritani za VAT. Wameandika pia kwamba "mhusika atalinganisha mauzo ya matawi kila siku". Maombi yatumwe kwa barua pepe, na mwisho ni Ijumaa.

CV yangu imepitiwa na watu wanaojua, hiyo sina wasiwasi nayo. Ninapokwama ni pale kwenye nafasi ya kuandika kabla ya kuambatisha. Kila nikiandika najikuta nairudia CV kwa sentensi ndefu. Hii hapa rasimu yangu, naomba mnikosoe bila kunionea haya:

> Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni binti wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 26, nina Diploma ya Uhasibu niliyohitimu mwaka 2021. Nimefanya kazi kwa miaka 2 kama karani wa hesabu katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro. Ninajua Tally, Excel na mashine ya EFD. Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma na ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Ni matumaini yangu kuwa ombi langu litakubaliwa.
> Wako katika ujenzi wa taifa,

Jambo jingine: niliacha kazi Septemba mwaka jana ili nimuuguze mama. Sasa hajambo kabisa. Hilo kwenye CV halipo, panaonekana pengo tu.

Kamanda wa Pugu

Dada, hapo umekosea njia. Barua inaandikwa kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, inasainiwa kwa mkono, inaskaniwa, kisha unaipandisha kwenye Ajira Portal pamoja na vyeti. Usiposaini unaenguliwa. Na usipandishe hati ya matokeo ya kidato cha nne badala ya cheti chenyewe, hawapokei. Barua pepe hawaisomi.

Binti Kihonda

Asante Kamanda, ila hii ni kampuni binafsi, na tangazo lenyewe limetoa anwani ya barua pepe.

Kamanda wa Pugu

Sawa, sikuliona hilo neno binafsi. Lakini serikalini ni kama nilivyosema, atakayesoma uzi huu asije akachanganya.

Dada Usagara

Mdogo wangu, usijichoshe. Watu wa ajira wanapokea maombi mengi mno, hakuna anayesoma maneno hayo. Andika mistari 2 tu: "Naomba kazi hii, CV nimeambatisha, asante." Fupi ndiyo salama. Ukiandika aya 3 wanaona usumbufu.

Mzee wa Mafaili

Binti, nimepokea maombi ya kazi kwa miaka mingi kwenye ofisi tofauti, na bado nasaidia kuyachambua. Nianze na alichosema Dada Usagara, maana nusu yake ni kweli. Barua pepe ndefu inarukwa. Lakini fupi isiyo na kitu nayo inarukwa, tena kwa wepesi zaidi, kwa sababu mpokeaji hana sababu ya kusimama hapo.

Fikiria anachokiona mtu anapofungua kisanduku chake. Haoni barua yako. Anaona jina la mtumaji, kichwa, halafu maneno machache ya mwanzo. Ukianza na "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", hayo ndiyo maneno anayoyaona, na wenzako wengi nao wameanza hivyohivyo. Unapata orodha nzima ya watu wanaosema sentensi moja. Maneno hayo yana kazi yake kwenye barua ya karatasi, yenye anwani mbili, S.L.P. na "YAH:" iliyopigiwa mstari. Kwenye barua pepe ile YAH inahamia kwenye sehemu ya kichwa, na anwani hazihitajiki kabisa. Kwa hiyo kichwa kiwe "Maombi ya Msaidizi wa Hesabu, Mwanza", halafu jina lako kamili. Tangazo likiwa na namba ya kumbukumbu, iweke hapohapo.

Sasa tuje kwenye swali lako lenyewe. CV inasema ulikuwa wapi, lini, kwa cheo gani. Mimi nikiwa Mwanza na CV yako mkononi, bado nabaki na maswali matatu. Huyu yuko Morogoro, kweli atakuja, na atakaa? Tangu Septemba alikuwa wapi? Na hili kubwa: "karani wa hesabu" maana yake alikuwa anakata risiti tu, au alikuwa anazielewa namba? CV yako hainijibu hata moja. Rasimu yako nayo haijibu, inanirudishia yale ambayo tayari nimeyasoma, ikaongeza "mchapakazi, mwaminifu" ambavyo siwezi kuvipima kwa maandishi.

Kwa hiyo usiandike kwanza. Nijibu hili: jioni, duka likikaribia kufungwa, ulikuwa unafanya nini hasa?

Binti Kihonda

Shikamoo mzee, na asante sana.

Jioni tulikuwa tunatoa Z ripoti kwenye mashine, ile inayoonyesha jumla ya mauzo ya siku. Kaunta zilikuwa 2. Halafu nahesabu fedha na keshia. Mwanzoni namba zilikuwa hazikubaliani karibu kila siku, bosi akawa anafikiri keshia anaiba. Nilipofuatilia nikaona sababu ni mbili. Wateja waliolipa kwa Lipa namba walikuwa wanapewa risiti siku hiyo, lakini kwenye kitabu pesa inaandikwa kesho yake, bosi akishaihamishia benki. Na mafundi waliochukua mabati au nondo kwa mkopo walikuwa wanakatiwa risiti wakati wa kuchukua, pesa inakuja baadaye. Nikatengeneza jedwali kwenye Excel: upande mmoja Z ripoti, upande wa pili taslimu, Lipa namba, mkopo, na mwisho tofauti. Baada ya hapo tofauti ikibaki tunajua ni tofauti kweli, na tunaitafuta jioni ileile.

Mzee wa Mafaili

Marahaba mwanangu. Umeona ulichokifanya? Tangazo linasema mhusika atalinganisha mauzo ya matawi kila siku. Wewe umeshaifanya kazi hiyo kwa kaunta 2 na unajua ni wapi namba zinapoachana. Kwenye CV yako jambo hili limeandikwaje?

Binti Kihonda

Limeandikwa "Kuandaa taarifa za mauzo ya kila siku".

Mzee wa Mafaili

Basi huo mstari uache kwenye CV kama ulivyo, na hadithi yake iende kwenye barua pepe. Hapo hujarudia, umefungua kile ambacho CV imekifunga. Chagua jambo hilo moja tu. Tally, Excel, diploma, mwaka wa kuhitimu, vyote viache, atavikuta kwenye kiambatisho.

Mtoto wa Fundi

Wakuu naomba kuingilia. Mimi ni fundi umeme, nina cheti cha VETA. Huwa natuma kwa simu, sehemu ya maneno naiacha wazi, naambatisha tu. Kuna barua pepe moja niliyoituma mwanzoni, nikiona kazi mpya naifungua hiyohiyo naisambaza kwa anwani nyingine ili nisiambatishe upya. Sijawahi kupigiwa. Tatizo ni nini, au ndiyo mambo ya kujuana?

Dada Usagara

Kujuana kupo kaka, lakini hapo kwako kuna jambo jingine. Ukisambaza, kichwa kinaanza na `Fwd:` na ndani inaonekana uliituma lini na kwa nani mara ya kwanza. Kampuni ya leo inaona jina la kampuni ya mwezi uliopita.

Mzee wa Mafaili

Dada Usagara amemaliza. Niongeze kuhusu viambatisho, maana wanaotuma kwa simu wengi wanaumia hapo. Ukipiga picha vyeti kwa kamera ya simu na kuviambatisha vyote, uzito unapanda haraka. Gmail ikizidi MB 25 haiambatishi faili, inaliweka Drive na kutuma kiungo. Usiporuhusu wengine kulifungua, mpokeaji akibofya anaambiwa aombe ruhusa. Hataomba. Tumia programu ya kuskania kwenye simu, ikupe PDF moja nyepesi ya vyeti na nyingine ya CV, na kila faili liwe na jina lako. Nimepokea mafaili mengi yanayoitwa "CV mpya ya mwisho", ukiyahifadhi hujui ni ya nani.

Wa Kisauni

Hamjambo, nawasoma kutoka Mombasa. Huku matangazo mengi yanataka useme mshahara unaopata sasa na ule unaoutarajia. Binti, mimi ningeuweka kwenye hiyo barua pepe. Mwajiri akijua mapema hampotezeani wakati.

Mzee wa Mafaili

Wakiuliza, jibu, maana kuacha swali la tangazo bila jibu kunakuondoa. Kwake hawajauliza. Akitaja chini amejifunga, akitaja juu ameondolewa kabla hajaonekana. Mimi ningeacha.

Wa Kisauni

Bado siafiki kikamilifu. Yeye anahama mji mzima, akienda akakuta mshahara haulipi hata kodi ya nyumba, je? Afadhali ajue kabla ya kupanda basi.

Mzee wa Mafaili

Hilo ni la kweli, lakini atauliza kwa simu watakapomwita kwenye usaili, kabla hajakata tiketi. Tukubaliane kutofautiana.

Binti Kihonda

Nimeandika upya. Naomba macho yenu:

> Ndugu Meneja,
> Naomba nafasi ya Msaidizi wa Hesabu kwa ajili ya matawi yenu 3 ya Mwanza. Tangazo linasema mhusika atalinganisha mauzo ya matawi kila siku. Kazi hii niliifanya kwenye duka la jumla lenye kaunta 2, ambako mauzo kwenye mashine ya EFD na fedha za dukani vilikuwa havilingani na bosi alidhani keshia anaiba. Nilitengeneza jedwali na tatizo likaisha.
> Niliacha kazi Septemba mwaka jana kwa sababu mama yangu aliugua kisukari na kulazwa mara kwa mara, na mimi ndiye mtoto pekee wa kike, lakini sasa anaendelea vizuri kwa dawa.
> Nipo tayari kufanya kazi popote Tanzania.

Karani wa Zamani

Nimekuwa nasoma kimya. Mimi ni mhasibu, naomba niseme jambo kuhusu aya ya kwanza kabla hujaituma. "Mauzo kwenye mashine ya EFD na fedha za dukani vilikuwa havilingani", ukiishia hapo, mhasibu mwenzangu atasoma kwamba bosi wako wa zamani alikuwa hakati risiti, yaani anakwepa kodi. Na hilo la keshia kuiba usiliandike kabisa. Hakuiba, na mtu anayekuajiri atajiuliza utasema nini kuhusu ofisi yake siku ukiondoka. Taja sababu zenyewe mbili, Lipa namba na mkopo. Zikitajwa, kila mtu wa hesabu anaelewa kuwa risiti zilikatwa vizuri na shida ilikuwa tarehe ya kuingiza kitabuni. Tena sababu hizo ndizo zinazoonyesha unajua kazi. "Nilitengeneza jedwali" anaweza kusema yeyote.

Na kama ulikuwa unashiriki ritani ya VAT, iunganishe hapohapo. Ritani inatakiwa TRA kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na tofauti za mwezi mzima zikisubiri mpaka wakati huo ni mateso. Kama hukushiriki, usiiseme.

Binti Kihonda

Nilikuwa naandaa jumla za mwezi, mhasibu wa nje ndiye aliyekuwa anawasilisha.

Karani wa Zamani

Basi sema hivyohivyo. Akikuuliza kwenye usaili usijikute unajibu kitu ambacho hukukifanya.

Mzee wa Mafaili

Naunga mkono yote. Nitaje aya ya pili. Ugonjwa wa mama usiutaje kwa jina, wala kulazwa. Ni siri yake, na msomaji akishasoma kisukari anaanza kuhesabu ni siku ngapi utaomba ruhusa. Anachotaka kujua ni kwamba kulikuwa na sababu na imekwisha. Sentensi moja inatosha.

Na "popote Tanzania" ifute. Mtu wa Mwanza anataka kusikia Mwanza. Una mahali pa kufikia huko?

Binti Kihonda

Ndiyo, mama mdogo anaishi Buswelu, ameshasema niende.

Mzee wa Mafaili

Hiyo ndiyo inajibu lile swali langu la kwanza. Sema una mahali pa kuishi Mwanza na unaweza kuanza lini. Habari za mama mdogo si lazima.

Dada Usagara

Mimi kwenye pengo nina mtazamo mwingine. Kwa nini ulionyeshe mwenyewe? Pengine hawataliona. Wakiliona watauliza, utajibu uso kwa uso.

Karani wa Zamani

Pengo la mwezi mmoja au miwili ningekubaliana nawe. Hili linakaribia mwaka na liko mwishoni mwa CV, mahali pa kwanza jicho linapokwenda.

Dada Usagara

Mimi nilinyamaza na nikapata kazi.

Mzee wa Mafaili

Inawezekana, wapo wanaopita hivyo. Binti ataamua mwenyewe.

Kuna jambo jingine linaloleta ubishi: je, aambatishe pia barua rasmi ya maombi? Tangazo lako linataka nini hasa?

Binti Kihonda

Limeandika "tuma CV na barua fupi ya maombi". Halijasema iambatishwe au la.

Mzee wa Mafaili

Hapo ndipo penye utata. Kampuni ndogo kwa kawaida wanamaanisha maneno ya ndani ya barua pepe. Lakini jua kwamba kwenye ofisi nyingi anayepokea siye anayeamua. Karani anachapisha viambatisho, anavipeleka kwa meneja, na maneno ya barua pepe yanabaki kwenye kompyuta ya karani. Kwa hiyo kazi yote hii inaweza isimfikie mwenye uamuzi.

Karani wa Zamani

Ndiyo maana mimi naambatisha barua ya ukurasa mmoja yenye ile hadithi, na kwenye barua pepe naweka kiini chake kwa sentensi chache.

Mzee wa Mafaili

Ni njia nzuri, mradi maandishi yasiwe yaleyale neno kwa neno. Mtu akisoma jambo moja mara tatu, kwenye barua pepe, kwenye barua na kwenye CV, ya tatu anaichoka hata kama ni nzuri. Kwa tangazo hili ningeandika ndani tu, kwa ukamilifu. Mwenzangu angeambatisha. Sioni mmoja wetu kama amekosea.

Binti Kihonda

Nimeamua kuandika ndani, na pengo nimelitaja. Lugha nimetumia Kiswahili kwa kuwa tangazo lenyewe ni la Kiswahili. Hii ndiyo ya mwisho:

> Kichwa: Maombi ya Msaidizi wa Hesabu, Mwanza – (jina langu kamili)
>
> Ndugu Meneja,
>
> Naomba nafasi ya Msaidizi wa Hesabu kwa ajili ya matawi yenu 3 ya Mwanza. CV na vyeti nimeviambatisha.
>
> Tangazo linasema mhusika atalinganisha mauzo ya matawi kila siku. Kazi hiyo niliifanya kwenye duka la jumla lenye kaunta 2. Jumla ya Z ripoti ilikuwa ikitofautiana na kitabu cha fedha kwa sababu malipo ya Lipa namba yaliingizwa kitabuni siku iliyofuata, na bidhaa za mkopo zilikatiwa risiti kabla ya kulipwa. Nilitengeneza jedwali la kufungia siku, Z ripoti upande mmoja, na upande wa pili taslimu, Lipa namba na mkopo. Tofauti iliyobaki tuliitafuta jioni ileile, na jumla za mwezi nilizomwandalia mhasibu kwa ajili ya ritani ya VAT zilikuwa tayari zimesuluhishwa.
>
> Niliacha kazi Septemba mwaka jana kwa majukumu ya kifamilia ambayo sasa yamekwisha. Nina mahali pa kuishi Mwanza na ninaweza kuanza ndani ya wiki 1 baada ya kuitwa.
>
> Wasalaam,
> (jina na namba ya simu)

Karani wa Zamani

Hii ningeisoma mpaka mwisho, na ningekupigia.

Wa Kisauni

Iko sawa dada. La mshahara nimeliacha.

Mtoto wa Fundi

Mzee, na mimi fundi umeme niandike nini? Sina mambo ya majedwali.

Mzee wa Mafaili

Niambie kazi unayoiomba sasa inataka nini, na hitilafu ya mwisho uliyoitafuta ukaipata ilikuwa wapi na uliijuaje. Fungua uzi wako, nitakuja.

Binti, kabla ya kubofya tuma, jitumie mwenyewe kwanza uifungue kwenye simu. Angalia viambatisho vinafunguka na jina lako linaonekana vizuri kama mtumaji, si lile la utani la zamani. Pia kwenye mipangilio ya Gmail unaweza kuongeza muda wa kutengua kutuma mpaka sekunde 30. Halafu jiandae: mtu akisoma hiyo aya ya pili, swali la kwanza kwenye usaili litakuwa "tuonyeshe hilo jedwali".

Binti Kihonda

Faili lenyewe lilibaki kwenye kompyuta ya duka, sinalo.

Mzee wa Mafaili

Na hata ungekuwa nalo usingelionyesha, ni mauzo ya mtu. Litengeneze upya leo kwa namba za kubuni, safari hii liwe na matawi 3 badala ya kaunta 2. Weka siku moja ambayo tawi la pili lina tofauti ya shilingi 45,000, na ujizoeze kueleza ungeanzia wapi kuitafuta.